Kuchagua Projekta ya Ukumbi Wenye Mwanga wa Mchana

Katika somo hili utatumia mambo matatu unayoyafahamu tayari: uwiano, eneo la mstatili na mwangaza. Ukimaliza uweze: (a) kupata ukubwa wa picha unaomfaa mtu wa mstari wa mwisho, (b) kukokotoa lumeni zinazotakiwa mwanga wa madirisha ukiwa umeingia, (c) kupata uwiano wa mrusho na kuutumia kuchagua lenzi.

Tatizo la somo

Ukumbi wa shule una urefu wa mita 16 na upana wa mita 10. Mabenchi ni ya zege, yamejengwa sakafuni, na mstari wa mwisho uko mita 12 kutoka ukuta wa mbele. Madirisha yako pande zote mbili ndefu, moja ikitazama mashariki na nyingine magharibi. Kenchi pekee inayoweza kubeba projekta iko mita 5.6 kutoka ukuta wa mbele. Kidato cha Nne watautumia ukumbi kuanzia saa tatu asubuhi kusoma maelezo na michoro ya Biolojia. Wazazi wamechanga fedha ya projekta moja tu, na dukani zipo tatu:

A: lumeni 3,000, uwiano wa mrusho 1.2 usiobadilika.
B: lumeni 5,000, uwiano wa mrusho kuanzia 1.5 hadi 2.0.
C: ndogo ya bei nafuu, boksi lake limeandikwa "lumeni 9,000" bila kutaja kipimo hicho kilipatikana kwa kiwango gani.

Wengi hukimbilia C kwa sababu ya tarakimu kubwa. Usichague bado. Fuata hatua nne kwa mpangilio wake, kwa kuwa jibu la kila hatua linahitajika katika hatua inayofuata.

Hatua ya 1: Umbali wa mstari wa mwisho unatoa ukubwa wa picha

Anza na mwanafunzi aliyekaa mbali kuliko wote. Kanuni inayotumiwa na mafundi ni kugawanya umbali wake kwa namba inayotegemea kazi. Kwa filamu ya kutazama tu, gawanya kwa 8. Kwa maandishi na michoro ya kusomwa, gawanya kwa 6. Kwa kazi ya kuchunguza vitu vidogo sana, gawanya kwa 4. Jibu ni kimo cha picha.

Wanafunzi wetu watasoma, hivyo tunagawanya kwa 6:

Kimo = 12 ÷ 6 = m 2

Projekta nyingi za kufundishia hutoa picha yenye uwiano wa upana kwa kimo wa 16:10. Kwa hiyo:

Upana = 2 × 16 ÷ 10 = m 3.2
Eneo = 3.2 × 2 = m² 6.4

Kabla ya kuendelea, hakikisha ukuta unatosha. Ukingo wa chini wa picha uwe kama mita 1.3 kutoka sakafuni ili vichwa vya walio mbele visiwakinge walio nyuma. Ongeza kimo cha mita 2, utapata mita 3.3. Ukuta wenye kimo cha mita 3 hautoshi.

Mabenchi yangekuwa ya kuhamishika, ungeyasogeza mbele. Mstari wa mwisho ukiwa mita 9, kimo kinakuwa mita 1.5, upana mita 2.4, na eneo mita za mraba 3.6 tu. Umbali umepungua kwa robo lakini eneo limepungua karibu nusu, kwa sababu kimo na upana vimepungua kwa pamoja. Ndiyo maana umbali wa kukaa usiobadilika ni jambo zito: unakulazimisha kununua mwanga wa kujaza eneo lote.

Hatua ya 2: Pima mwanga wa mchana unaofika ukutani

Tofautisha lumeni na luksi. Lumeni ni kiasi cha mwanga wote unaotoka kwenye projekta. Luksi ni mwanga unaofika kwenye kila mita moja ya mraba ya ukuta. Uhusiano wao ni:

Luksi = Lumeni ÷ Eneo

Sasa fikiri jambo moja. Projekta haiwezi kurusha weusi. Herufi nyeusi unayoiona kwenye picha ni sehemu ya ukuta ambayo projekta haijaiangazia, basi. Ukitaka kujua weusi wa picha yako utakuwaje mchana, zima projekta na utazame ukuta. Rangi unayoiona wakati huo ndiyo nyeusi kuliko zote utakayoipata. Ukuta ukiwa unang'aa kwa mwanga wa dirisha, herufi nyeusi nazo zitang'aa.

Hivyo kinachotakiwa kupimwa ni mwanga unaoangukia mahali pa picha, wala si mwanga wa ukumbi mzima. Shika kipima mwanga kikiwa kimegusa ukuta, uso wake ukitazama mabenchi. Usikielekeze dirishani. Pima katikati na karibu na pembe nne, projekta ikiwa imezimwa, kisha tafuta wastani.

Saa ya kupima nayo ina maana. Katika nchi zilizo karibu na Ikweta, jua la saa sita mchana liko juu ya paa na haliingii sana dirishani. Linaloingia moja kwa moja ni jua la asubuhi upande wa mashariki na la alasiri upande wa magharibi. Ukipima saa sita ukatumia saa tatu, umejidanganya. Pima saa ile ile ya kipindi, siku isiyo na mawingu.

Tuchukue kwamba katika ukumbi wetu vipimo vya saa tatu asubuhi vilikuwa hivi:

Madirisha yote wazi: luksi 300.
Madirisha matatu ya mbele kila upande yamefunikwa kwa pazia zito, ya nyuma yako wazi: luksi 40.

Madirisha yaliyo karibu na ukuta wa picha ndiyo yanayouangazia zaidi. Ukiyafunika hayo, walio nyuma bado wanapata mwanga wa kuandikia kwenye madaftari.

Hatua ya 3: Kutoka luksi za dirisha hadi lumeni za projekta

Sehemu nyeupe ya picha inapata mwanga wa projekta pamoja na mwanga wa dirisha. Sehemu nyeusi inapata mwanga wa dirisha peke yake. Uwiano wa sehemu hizo mbili unaitwa kontrasti:

Kontrasti = (P + D) ÷ D

P ni luksi za projekta, na D ni luksi za dirisha.

Chama cha kimataifa cha fani ya picha na sauti, ambacho leo kinaitwa AVIXA, kimeweka viwango vya kontrasti kulingana na kazi. Kwa kutazama tu na kupata wazo la jumla, 7 inatosha. Kwa kusoma na kuelewa habari iliyo kwenye picha, kama darasani, inatakiwa 15. Sisi tunachukua 15.

Panga upya fomula ili P ibaki peke yake:

P = D × (Kontrasti − 1)

Madirisha yakiwa wazi:
P = 300 × 14 = luksi 4,200
Lumeni = 4,200 × 6.4 = 26,880

Madirisha ya mbele yakiwa yamefunikwa:
P = 40 × 14 = luksi 560
Lumeni = 560 × 6.4 = 3,584

Linganisha majibu hayo mawili. Lumeni 26,880 ni projekta ya kumbi kubwa za mikutano na matamasha, kitu ambacho shule haitanunua. Lumeni 3,584 zinapatikana dukani. Kilichozitenganisha ni pazia sita.

Bado kuna hesabu moja. Lumeni zinazoandikwa na mtengenezaji ni za projekta mpya. Mwanga hupungua kadiri taa inavyotumika, na vumbi kwenye kichujio na kwenye lenzi huupunguza zaidi. Muda wa maisha wa taa au leza kwa kawaida huhesabiwa hadi mwanga unapofika nusu ya ule wa mwanzo. Kwa hiyo usinunue kwa kipimo cha siku ya kwanza. Chukulia kwamba kwa sehemu kubwa ya maisha yake projekta itatoa robo tatu, yaani 0.75:

Lumeni za kununua = 3,584 ÷ 0.75 = 4,779

Projekta ya lumeni 5,000 inatosha. Thibitisha kwa kurudi nyuma: 5,000 × 0.75 = 3,750; 3,750 ÷ 6.4 = luksi 586; kontrasti = (586 + 40) ÷ 40 = 15.7. Imepita 15.

Sasa jaribu projekta hiyo hiyo madirisha yote yakiwa wazi: (586 + 300) ÷ 300 = 2.95. Imeshindwa hata kufika 7. Je, ukinunua ya lumeni 10,000? Robo tatu yake ni 7,500, ukigawanya kwa 6.4 unapata luksi 1,172, na kontrasti ni (1,172 + 300) ÷ 300 = 4.9. Umeongeza lumeni mara mbili na picha bado imefifia. Lumeni zinaongeza P peke yake, ilhali pazia linapunguza D, na D ndiyo iliyo chini ya mstari wa kugawanya.

Tanbihi: Kontrasti unayoikokotoa hivi ni ya juu kuliko utakayoipima. Projekta yenyewe huvujisha mwanga kidogo kwenye sehemu nyeusi, na kuta nyeupe za pembeni hurudisha mwanga wa picha ukutani. Usikubali jibu linalogusa 15 kwa shida. Acha nafasi kidogo.

Hatua ya 4: Mahali pa kufunga projekta panatoa uwiano wa mrusho

Uwiano wa mrusho ni umbali kutoka lenzi hadi ukutani ukigawanywa kwa upana wa picha:

Uwiano wa mrusho = Umbali ÷ Upana

Kumbuka ni upana, si kimo wala mstari wa pembe hadi pembe unaotumika kutajia ukubwa wa televisheni. Uwiano wa 1.5 maana yake ni kwamba ili kupata picha ya upana wa mita 1, projekta ikae mita 1.5 kutoka ukutani.

Kenchi yetu iko mita 5.6 kutoka ukutani, na upana tunaoutaka ni mita 3.2:

Uwiano = 5.6 ÷ 3.2 = 1.75

Tafuta projekta ambayo 1.75 iko ndani ya mipaka ya lenzi yake. Lenzi ya 1.5 hadi 2.0 inafaa, na 1.75 iko katikati, kwa hiyo fundi akikosea sentimita kadhaa bado picha itarekebishika. Tena, lenzi nyingi za kukuza na kupunguza hupoteza mwanga zikivutwa hadi mwisho wa namba kubwa. Kukaa katikati kunaepusha hasara hiyo.

Angalia kinachotokea uwiano usipolingana. Lenzi isiyobadilika ya 1.2 ikifungwa mita 5.6, upana unakuwa 5.6 ÷ 1.2 = m 4.67 na kimo m 2.92. Picha inavuka skrini, na mwanga ule ule umetandazwa kwenye mita za mraba 13.6, zaidi ya mara mbili ya eneo tulilolipanga. Luksi zinashuka chini ya nusu. Kinyume chake, lenzi ya 2.5 itatoa upana wa m 2.24 na kimo cha m 1.4. Picha itang'aa vizuri, lakini zidisha 1.4 kwa 6, utapata m 8.4. Wote waliokaa nyuma ya hapo watashindwa kusoma, na mabenchi hayasogei.

Suluhisho la tatizo la somo

Projekta A: ikifungwa kwenye kenchi itatandaza robo tatu ya lumeni 3,000, yaani 2,250, kwenye mita za mraba 13.6. Hizo ni luksi 165, na hata pazia zikiwa zimefungwa kontrasti ni (165 + 40) ÷ 40 = 5.1. Ingefungwa mita 3.84 kutoka ukutani (1.2 × 3.2) picha ingekuwa ya ukubwa sahihi na kontrasti ingefika 9.8, bado pungufu ya 15. Zaidi ya hapo, hakuna kenchi ya kuibebea mahali hapo.

Projekta B: inafaa kwa lumeni na kwa mrusho, kwa sharti kwamba pazia za madirisha ya mbele zinunuliwe pamoja nayo. Bila pazia, B nayo ni hasara.

Projekta C: haiwezi kuamuliwa kwa namba ya boksi. Lumeni za projekta hulinganishwa tu zinapokuwa zimepimwa kwa kiwango kinachojulikana, kama ANSI au ISO 21118. Namba isiyotaja kiwango huenda ni ya mwanga wa taa ya ndani kabla haujapita kwenye vioo na lenzi. Muombe muuzaji aiwashe, kisha ipime mwenyewe kwa njia ifuatayo.

Jaribio: kupima lumeni za projekta

1. Giza la chumba likiwa kamili, rusha picha nyeupe tupu ukutani na upime upana na kimo chake. Kokotoa eneo.
2. Gawanya picha katika mistatili tisa iliyo sawa, mitatu kwa mitatu.
3. Weka kipima mwanga katikati ya kila mstatili, kikitazama projekta, na uandike luksi.
4. Tafuta wastani wa vipimo tisa, kisha uzidishe kwa eneo. Jibu ni lumeni.

Usipime katikati peke yake. Katikati ya picha huwa na mwanga mwingi kuliko pembeni, na jibu lako litakuwa kubwa kuliko ukweli. Kihisi cha simu kinaweza kutumika kulinganisha projekta mbili, lakini usikiamini kwa namba kamili.

Makosa yanayojirudia

*Kupaka ukuta rangi nyeupe zaidi ili kushinda jua.* Ukuta mweupe unarudisha mwanga wa projekta na wa dirisha kwa kiwango kile kile. Picha inang'aa zaidi, lakini weusi nao unapanda, na kontrasti inabaki ilivyokuwa.

*Kutaka kushinda jua lenyewe.* Jua likiangukia ukuta moja kwa moja linaweza kutoa luksi kwa makumi ya maelfu. Hapo hakuna hesabu ya lumeni. Ni kuzuia jua au kubadilisha ukuta wa kurushia.

*Kuinamisha projekta kisha kunyoosha picha kwa menyu.* Projekta ikirusha kwa mshazari, picha inakuwa trapeza. Menyu huinyoosha kwa kuzima sehemu za pembeni za picha, hivyo mwanga na pikseli za sehemu hizo hazitumiki, na herufi ndogo hufifia. Funga projekta ikielekea ukuta kwa pembe mraba, kwa kimo kilichoelekezwa na mtengenezaji.

Maswali ya kujipima

1. Mstari wa mwisho uko mita 9 kutoka ukutani, picha ni ya 16:10 na ni ya kusomwa. Mwanga wa dirisha ukutani ni luksi 50. Tafuta lumeni za kununua kwa kontrasti ya 15, ukichukulia 0.75 ya uchakavu.

2. Projekta ya swali la 1 itafungwa mita 3.6 kutoka ukutani. Ipi inafaa: lenzi ya 1.2–1.6 au ya 1.7–2.2?

3. Vipimo tisa gizani ni luksi 520, 560, 530, 570, 640, 580, 500, 550 na 500, kwenye picha ya mita za mraba 3.6. Muuzaji anasema projekta ni ya lumeni 3,000. Toa maoni yako.

4. Projekta B inatumika kwenye ukumbi wa somo hili ikiwa na 0.75 ya mwanga wake. Mwanga wa dirisha ukutani usizidi luksi ngapi ili kontrasti isishuke chini ya 7?

Majibu

1. Kimo m 1.5, upana m 2.4; eneo m² 3.6. P = 50 × 14 = luksi 700. Lumeni = 700 × 3.6 = 2,520. Za kununua: 2,520 ÷ 0.75 = 3,360.

2. 3.6 ÷ 2.4 = 1.5. Lenzi ya 1.2–1.6.

3. Jumla ni 4,950, wastani luksi 550. Lumeni = 550 × 3.6 = 1,980. Ni asilimia 66 tu ya zilizotajwa. Ikiwa ni mpya, namba ya muuzaji si sahihi. Ikiwa imetumika, taa yake imechakaa. Angalia saa za matumizi kwenye menyu kabla ya kuamua.

4. D = 586 ÷ (7 − 1) = luksi 98. Kipima mwanga kikionyesha zaidi ya hapo, ongeza pazia kabla ya kuwasha projekta.